Chupa ya Mwisho Haiuzwi

Naitwa Diane, na kazi yangu ni kuwasemea wenye maduka. Nina chumba kimoja Nyakanazi, nyuma ya stendi, kati ya mama muuza chipsi na fundi wa pancha. Maduka saba yananilipa niyatangaze Facebook na Instagram. Napiga picha, naandika maneno, napanga siku na saa, halafu programu inatuma yenyewe hata nikiwa nafua. Madereva wa malori wanadhani nauza vocha, na mimi siwasahihishi.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Eufrazia, mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo karibu na njia panda. Nilimtengenezea duka la mtandaoni, kila bidhaa na ukurasa wake: picha, bei, na idadi iliyobaki. Akiuza kitu pale kaunta anabonyeza kwenye simu yake, na idadi inapungua kule kwenye ukurasa. Kila tangazo nililoandika lilikuwa na kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye ukurasa wa bidhaa yake.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na ufundi nilioringia. Kabla ya kutuma tangazo lolote, programu ilikwenda kwanza kufungua kile kiungo. Ikikuta ukurasa haufunguki, inalishikilia tangazo. Ikikuta idadi imeshuka hadi namba ya kusimamia, yaani pale tangazo linapotakiwa lisimame, inalishikilia vilevile, na inaniletea ujumbe kwenye simu. Mzigo ukija, idadi ikapanda, matangazo yanaendelea bila mimi kugusa kitu. Namba ya kusimamia mtu anaipanga mwenyewe. Usipoigusa, ni sifuri.

Niliwahi kuuona ufundi huo ukifanya kazi. Mwezi wa nne Mama Eufrazia alichelewa kulipia nafasi ya tovuti, duka lake la mtandaoni likazimwa siku mbili, na matangazo yake yote yakasimama papo hapo. Alikuja chumbani kwangu amefura. Kwa nini amenyamazishwa, mimi nimenunuliwa na jirani yake? Nilimweleza kwamba tangazo linalompeleka mtu kwenye ukurasa uliokufa ni uongo, na programu yangu haisemi uongo. Nilitamka hivyo mbele ya wateja wawili waliokuja kutoa fotokopi, kazi yangu ya pembeni. Nilijisikia mkubwa sana siku ile.

Lakini Mama Eufrazia ana desturi yake, na wafanyabiashara wa zamani wa kwetu wengi wanayo. Chupa ya mwisho haiuzi. Mfuko wa mwisho wa mbegu, sindano ya mwisho, jembe la mwisho, hata umlilie. Anasema kitu kimoja kikibaki rafuni kinawaita wenzake, ila ukikiuza umeifagia bahati yako mwenyewe hadi barabarani. Hicho cha mwisho anakiita mshika duka. Nilimcheka kimoyomoyo, maana mimi nimesoma.

Nilicheka bila kufikiri mpaka mwisho. Mwezi wa tatu zililetwa chupa kumi na mbili za dawa ya ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe. Kufikia mwezi wa sita zilikuwa zimeuzwa kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapandishwa rafu ya juu, ikielekea mlangoni, ikala jua la kila alasiri. Idadi kwenye ukurasa ikawa moja. Ikabaki moja mwezi wa saba, moja mwezi wa nane, moja mwezi wa tisa. Sifuri haikufika, wala isingefika. Na kila Jumanne na Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, programu ilikwenda, ikafungua ukurasa, ikaona moja, ikatuma: "Ndigana isikutie hasara. Dawa ipo dukani kwa Mama Eufrazia, Nyakanazi. Njoo leo."

Maneno hayo niliyaandika mimi. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu wengi waliofuata tangazo hilo bure walitaka kumlaumu Mama Eufrazia peke yake, na mimi nikawaacha.

Nililiona jambo hilo mwezi wa nane, nilipokuwa napitia orodha. Nikamwendea nikamwambia kwamba dawa ya ndigana inatangazwa na haipo. Akanyoosha kidole juu: si ile pale? Nikamwambia ile haiuzwi, basi nipandishe namba ya kusimamia iwe moja, tangazo lipumzike mpaka mzigo mwingine uje. Akakataa. Alisema mfugaji akija kwa dawa ya ndigana akaikosa, hatarudi mikono mitupu, atachukua dawa ya minyoo au chumvi ya ng'ombe. "Mlete mlangoni," alisema, "mengine niachie mimi."

Ningeweza kubishana. Kuibadilisha namba ile ni kazi ya dakika moja, na asingejua. Lakini ndiye aliyekuwa mteja wangu mkubwa, na wale wengine sita walikuja kwangu kwa sababu yake. Nikasema sawa mama, nikarudi kwangu, nikaendelea na kadi za harusi ya mtu.

Mjomba wangu Matiasi anakaa Runazi. Ndiye kaka mkubwa wa mama yangu, na tangu mama afariki ndiye mzazi niliyebaki naye. Sisi asili yetu ni Rwanda, na mjomba ni wa zile damu zinazoona mtu asiye na ng'ombe amekaa nusu. Aliwahi kuwa na kundi, likaisha miaka ya misukosuko, akabaki analima mihogo na maharage ya watu na kutazama mifugo ya wenzake ikipita. Kisha miaka mitatu iliyopita rafiki yake Aron alimpa ng'ombe. Hakumkopesha wala hakumuuzia. Alimpa mtamba mwekundu, mbele ya mashahidi, kwa heshima yote ya kwetu. Mjomba akamwita Bihogo.

Ng'ombe wa kupewa si maziwa tu. Anakufunga na aliyekupa kuliko undugu, na wewe unabaki na deni la heshima la kumrudishia mtamba atakayezaliwa. Siku hizo mjomba kila akiapa alisema, "Kwa Aron aliyenipa ng'ombe," hata kwa mambo ya kijinga kama bei ya sukari. Bihogo alichelewa kushika mimba. Mwaka huu alishika, na mwezi wa kumi alikuwa amebakiza wiki chache azae. Mjomba alikuwa ameanza kulala vibaya kwa furaha. Nyirabahizi, mkewe, alinipigia kunichekesha kwamba mzee anatoka kumtazama ng'ombe mara nyingi kuliko alivyomtazama yeye akiwa na mimba ya kwanza.

Jumapili moja Bihogo hakula. Jumatatu mjomba akampapasa akakuta tezi la chini ya sikio limevimba, na mwili unawaka. Yeye si mgeni wa ndigana. Jumanne alfajiri alipanda bodaboda mpaka Biharamulo mjini kumtafuta Juvenali, bwana mifugo, ambaye huweka dozi chache za dawa kwenye friji yake kwa dharura. Alimkuta ametoka kwenda kijijini kuchanja. Mke wa bwana mifugo alimwambia dawa ipo, zimebaki dozi mbili, ila funguo anazo mwenyewe na atarudi saa sita. Mjomba akakaa kwenye benchi, akatoa simu.

Simu ile nilimnunulia mimi. Kitu cha kwanza anachofungua ni matangazo yangu, anayasoma yote, hata ya saluni, kwa sababu yameandikwa na mtoto wa dada yake. Akakuta lile la saa kumi na mbili na nusu. Dawa ipo. Njoo leo. Basi la kwenda Nyakanazi lilikuwa linapiga honi.

Mimi nilikuwa nakata picha za pasipoti nilipoitwa na Faustini, kijana wa kaunta wa Mama Eufrazia. Alisema kuna mzee pale hataki kuondoka na anasema ni ndugu yangu. Nilivuka barabara mbio. Mjomba alikuwa amesimama katikati ya duka amevaa koti lake la kanisani, na simu ameishika mbele kwa mikono miwili. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Alikuwa anaitazama ile chupa.

"Mama," alimwambia Eufrazia, "mimi sielewi. Ipo au haipo?"

"Ipo, mzee wangu," alisema Eufrazia. "Ila si ya kuuza."

Nilimwambia mama kwamba huyu ni mjomba wangu, ng'ombe wake ana mimba, ashushe chupa ile sasa hivi. Huenda sauti yangu ndiyo iliyomshtua, sijui, lakini kwa mara ya kwanza nilimwona Mama Eufrazia akivunja desturi yake. Akamtuma Faustini kwenye ngazi. Chupa ikashuka, imejaa vumbi, lebo imepauka. Niliigeuza. Ilikuwa imeisha muda wake tangu mwezi wa saba.

Mjomba alinyoosha mkono aichukue hivyo hivyo. Nikamkatalia. Mama Eufrazia naye alikataa, sitamnyima haki yake, alisema hawezi kumpa mtu dawa iliyoharibika. Halafu, kwa mazoea tu nadhani, mkono wake ukaenda kwenye rafu ya chini ukaleta sindano ya kawaida ya homa, akasema hii nayo inasaidia kidogo. Nilimtazama mpaka akairudisha. Mlete mlangoni, mengine niachie mimi. Nilikuwa nimemleta.

Tulizunguka maduka mengine mawili ya njia panda, hakuna. Nikampigia Juvenali. Ilikuwa saa nane. Aliniambia alirudi saa sita kama alivyoahidi, akaambiwa kuna mzee alimsubiri akaondoka. Saa saba kasoro akaja mfugaji mwingine mwenye ndama wawili wagonjwa, akampa dozi zote mbili. "Nilidhani mzee ameshapata," alisema. Nilikata simu. Mjomba alikuwa amesikia kila neno, maana mimi nina tabia ya kuweka sauti kubwa.

Nilitaka anigombeze. Nilimwuliza kwa nini hakunipigia kwanza. Ni swali la kipuuzi, nililijua hilo likiwa bado mdomoni, lakini mtu mwenye hatia hutafuta wa kugawana naye.

"Nikupigie ya nini, mwishywa wanjye?" alisema. Ndivyo kwetu mjomba anavyomwita mtoto wa dada yake. "Si ulikuwa umeshaandika."

Nilipiga simu Kahama, nikapata duka lenye dawa, wakasema itapanda basi la kesho asubuhi. Mjomba akarudi Runazi mikono mitupu kukaa na mgonjwa wake. Mimi nikarudi chumbani, nikawasha kompyuta, nikafungua ukurasa wa mipangilio, nikafuta sifuri kwenye namba ya kusimamia nikaandika moja. Nikahifadhi. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu hapo hapo kwamba tangazo la dawa ya ndigana limeshikiliwa. Nilitazama saa: haikufika hata dakika. Nikalia kwa hasira, si kwa huzuni bado, huzuni ilikuja baadaye. Kisha nikakumbuka kwamba programu inashikilia yajayo tu, haiyarudishi yaliyokwenda. Nikaanza kuyafuta moja moja, ya Jumanne na Ijumaa zote za miezi minne. Yalikuwa mengi. Chini ya tangazo moja mtu wa Lusahunga alikuwa ameandika mwezi wa tisa: "Nimefika hamna kitu, mnatuchezea." Sikuwahi kuyasoma maneno hayo.

Jumatano basi liliharibikia njiani, likaingia Nyakanazi saa tisa badala ya saa sita. Nilichukua bodaboda na ile chupa nikiwa nimeikumbatia ndani ya kitambaa chenye barafu ya muuza soda. Tukampitia Juvenali Biharamulo, tukafika Runazi jua likiwa linaelekea kuzama. Bihogo alikuwa amelala ubavu nyuma ya nyumba. Povu jeupe lilikuwa linamtoka puani na kila pumzi ilikuwa na sauti. Nyirabahizi alikuwa anampepea kwa kanga, nzi wasimkae machoni.

Juvenali ni mtu mkweli. Alimchoma sindano, akanivuta pembeni, akasema dawa hii inaponya ikiwahi, na povu likishaonekana mapafu yameshajaa maji. Jana mchana, alisema, ingekuwa habari nyingine. Hakujua kwamba ananipiga kofi. Nilimwomba asimwambie mzee, akasema mzee anajua.

Bihogo alikufa Ijumaa asubuhi, wakati watoto wanakwenda shule. Walimpasua wakakuta ndama ameshaota manyoya. Alikuwa jike, mwekundu kama mama yake. Mtamba wa Aron.

Kwetu ng'ombe wa kupewa akifa, huwezi kumpigia simu aliyekupa wala kumtumia mtu. Unakwenda mwenyewe. Jumapili baada ya ibada mjomba alivaa lile koti, akaniambia nimsindikize. Nilidhani ananipeleka nikaeleze. Njia nzima, katikati ya mashamba ya mahindi, nilikuwa nayapanga maneno: namba ya kusimamia, chupa ya mwisho, tangazo la Jumanne. Nilijiambia nitasema yote, hata lile la mwezi wa nane. Nilikuwa nimeamua kweli, naomba niaminiwe katika hilo, ingawa sioni kwa nini mtu aniamini.

Aron ni mzee mrefu mkavu, mwenye ng'ombe kama thelathini. Alitupokea vizuri, tukaketi kwenye viti vya mbao uani, tukaletewa maziwa. Mjomba hakugusa kikombe. Alimwambia kwamba Bihogo amekufa, na ndama amekufa tumboni, na kwamba alikuwa jike. Aron akauliza ni ugonjwa gani, akaambiwa ndigana. Akauliza mjomba alipoona tezi alikwenda wapi kutafuta dawa.

Nilifungua mdomo. Mjomba akaniwahi.

"Sikwenda," alisema. "Nilidhani ni homa ya kupita."

"Wewe?" alisema Aron. "Wewe usiijue ndigana?"

"Nilizembea. Nilimtazama tu mpaka povu likatoka."

Nilielewa alichokuwa anafanya. Angesema ukweli, angelazimika kusema dawa ilikuwa Biharamulo, akaiacha kwa sababu ya maneno ya mtoto wa dada yake. Na mtoto wa dada huwezi kumweka mbele ya mtu kama huyo kwa jambo kama hilo. Alikuwa amechagua kati ya jina lake na langu tangu kabla hatujatoka nyumbani. Mimi alinileta nisikie tu tutakachokuwa tunasema kuanzia siku ile.

Uso wa Aron ulibadilika taratibu. Nilimwona akimtazama rafiki yake wa miaka arobaini kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Alisema ng'ombe hupewa mtu anayeweza kumlinda. Alisema kuna vijana wawili waliomwomba Bihogo mwaka ule, akawanyima kwa ajili ya Matiasi. Alisema hamtaki alipe kitu, wala asije tena kuzungumza habari za ng'ombe kwenye boma lile. Aliyasema bila kupandisha sauti. Mjomba alikuwa anaitikia kila neno, ndiyo, ndiyo, ni kweli.

Kisha Aron akanigeukia mimi. Alisema anasikia nina kompyuta Nyakanazi, nafanya kazi na maduka ya dawa, najuana na watu wote wa njia panda. Ningeweza kuipata dawa kwa simu moja.

"Mjomba wako hakukuambia kwamba ng'ombe anaumwa?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu, na hakuna aliyekuwa ameniziba mdomo. Mjomba alikuwa anatazama vidole vyake. Nilifikiri habari zitakavyotembea, Runazi mpaka njia panda. Nilifikiri maduka saba.

"Hakuniambia," nilisema.

Mjomba aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akainuka, akashukuru kwa kikombe cha maziwa ambacho hakukinywa, na sisi wawili tukaaga.